Unampenda yeye, au unapenda unavyojisikia?

Saa tano usiku, watoto wakiwa wameshalala, mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeishi Mbagala, Dar es Salaam, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akiitazama simu aliyoizima sauti. Mumewe alikuwa amelala, amegeukia ukutani. Ujumbe aliotuma tangu saa mbili ulikuwa umeshawekewa tiki mbili za bluu, maana yake umesomwa. Jibu hakuna.

“Moyo ulikuwa unanienda mbio utadhani nimekimbia,” anasema mama huyo mwenye umri wa miaka 34, aliyeomba jina lake lisitajwe. “Nikajiambia, kumbe mapenzi ndiyo haya. Haya ya ndani ni mazoea tu.”

Aliyekuwa akimsubiri ni mwanamume aliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anaishi Mwanza. Walikutana tena kwenye kundi la WhatsApp la waliomaliza kidato cha nne pamoja, lililofunguliwa ili kumchangia mwenzao aliyefiwa. Msiba ukaisha, kundi likabaki, na salamu za asubuhi zikahamia pembeni. Miezi minne baadaye alikuwa ameshaulizia nauli ya basi la Mwanza na ametunga safari ya semina ya kikazi. Watoto wangebaki kwa bibi yao.

Mume wake ni fundi friji. Wameoana miaka minane, wana watoto wawili, wa miaka sita na mitatu. Hampigi, halewi, na kodi ya nyumba inalipwa. Kosa lake, kwa maneno ya mkewe, ni kwamba “akiingia mlangoni hakuna kitu kinachoshtuka ndani yangu.”

Kitu hicho kinachoshtuka kimechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, alikusanya maelezo ya mamia ya watu kuhusu walivyojisikia walipozama katika penzi, na mwaka 1979 akachapisha kitabu kuhusu alichokikuta. Hali hiyo aliitungia jina lake, limerensi, kwa sababu aliona neno mapenzi limebebeshwa mizigo mingi mno. Watu walimweleza mambo yanayofanana: mawazo yanayomrudia mtu yuleyule bila kuitwa, kiu ya kujua kama naye anakupenda, furaha ya ajabu akikujibu na maumivu ya kweli akinyamaza.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni chakula cha hali hiyo. Tennov aliona kwamba inakua pale penye matumaini na mashaka kwa pamoja. Matumaini yakikatika kabisa, inanyauka. Mashaka yakiisha, mtu akawa wako bila wasiwasi wowote, nayo hupoa. Kinachoiwasha ni ile nafasi ya katikati, ya huenda.

Sasa rudi kwenye tiki mbili za bluu. Yule bwana wa Mwanza alikuwa akiandika mfululizo siku tatu, kisha anapotea siku mbili. Huenda alikuwa na kazi, huenda alikuwa na mkewe. Mwalimu huyu anakiri kwamba siku alizojibiwa haraka hakumuwaza sana. Zile za ukimya ndizo zilizomkosesha usingizi, na ndizo alizozihesabu kuwa ushahidi wa penzi kubwa.

Mshauri wa ndoa aliyemwona, baada ya dada yake kumshika mkono na kumpeleka, hakuanza na mahubiri. Alimpa daftari na kumwomba aandike ukurasa mmoja kuhusu kila mwanamume: ni mtu wa namna gani?

Ukurasa wa yule wa Mwanza ulijaa haraka. Ananielewa. Ananisikiliza. Ananifanya nijione bado msichana. Ananiambia nina akili. Ananikumbusha nilivyokuwa. Mshauri alichukua kalamu nyekundu na kupigia mstari herufi mbili tu katika kila neno: ni. Ana-ni-elewa, ana-ni-sikiliza.

“Akaniambia, ‘Dada, ukurasa huu umeandika habari za nani?’” anasimulia. “Nilitaka kubishana naye. Nikatafuta kitu kimoja ninachokijua kuhusu yule kaka ambacho mimi simo. Anaogopa nini? Amegombana na nani kwao? Akikosa hela anakuwaje? Sikujua.”

Ukurasa wa mume ulichelewa kujaa, na nusu yake ilikuwa malalamiko. Haongei akichoka. Anamwachia mkewe mambo yote ya shule ya watoto. Lakini humo pia kulikuwa na mambo kama haya: haweki sukari kwenye chai tangu mama yake alipogundulika na kisukari. Anaogopa hospitali kuliko anavyoogopa mwizi. Hapendi kuombwa hela mbele ya watu, kwa sababu baba yake aliaibishwa hivyo dukani naye akiwa mtoto, anaangalia.

Daftari hilo halitoi hukumu, na mshauri alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Mtu anaweza kumjua mwenzake hadi kucha na bado asimpende, na hamu ya kusikilizwa si dhambi. Ni njaa halisi, na inawezekana nyumbani imepuuzwa muda mrefu. Daftari linaonyesha kitu kidogo zaidi: upande upi kuna mtu, na upande upi kuna kioo.

Kilichomshtua mwalimu hasa kilitokea wiki moja baadaye. Usiku huo ujumbe kutoka Mwanza ulikuja mapema kuliko kawaida. Binti wa yule bwana alikuwa amelazwa kwa malaria, naye angelala wodini, hivyo asingeweza kuandika. “Kitu cha kwanza nilichojisikia ni hasira,” anasema, na hapa anashusha sauti. “Sikumwonea huruma mtoto. Nilikasirika kwamba usiku wangu umeharibika. Mimi ni mama, nina wa kwangu wa miaka mitatu. Niliweka simu chini nikaogopa.”

Pengine hapo ndipo mahali rahisi zaidi pa kuzitenganisha hizi mbili. Anayempenda mtu, shida ya yule mtu humvuta kumwelekea. Anayependa hisia, shida ileile humjia kama usumbufu, kwa kuwa imemwondoa msambazaji kazini.

Lakini je, kwa mumewe hakuwahi kushtuka hata siku moja? Alishtuka, na sana. Walipoanza uchumba, fundi huyo alikuwa na kazi Mtwara. Mtandao alikokuwa ulikuwa wa kubahatisha, na simu zilipatikana mara moja au mbili kwa wiki. Mwalimu alikuwa akilala na simu kifuani. Moto ulizimika taratibu walipohamia chumba kimoja, akawa na uhakika wa kumwona kila jioni. Yaani kilichoondoka ni mashaka, na yeye akadhani kilichoondoka ni mapenzi. Ndoa nyingi huingia kwenye mkanganyiko huu bila yeyote kuwa na kosa kubwa.

Mwili wenyewe unaonyesha kwamba moto ule haukuumbwa kudumu. Mwaka 1999 Donatella Marazziti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, walipima damu ya watu 20 waliokuwa wamependa karibuni, ambao walisema humuwaza mpenzi saa nne au zaidi kwa siku. Katika chembe zao za damu, kipimo kimoja kinachohusiana na kemikali ya serotonini kilikuwa chini, kama ilivyokuwa kwa wagonjwa wanaosumbuliwa na mawazo yasiyozuilika. Baadhi yao walipopimwa tena kati ya miezi 12 na 18 baadaye, kipimo kilikuwa kimerudi kawaida. Utafiti huo ulikuwa mdogo na ulipima damu, si ubongo, hivyo hauwezi kubeba kila kitu. Hata hivyo, unaendana na makadirio ya Tennov kwamba moto huo, kwa kawaida, huishi mwaka mmoja na nusu hadi mitatu.

Hilo halimaanishi kwamba wanandoa wa muda mrefu wamehukumiwa kuishi kama wapangaji wenza. Bianca Acevedo na wenzake nchini Marekani waliwaonyesha picha za wenzi wao watu 17 waliokuwa kwenye ndoa kwa wastani wa miaka 21, ambao walisema bado wanapenda kwa nguvu, huku ubongo wao ukipigwa picha. Sehemu zinazohusika na furaha ya kupata kitu unachokitamani ziliamka kwao kama zinavyoamka kwa waliopenda jana. Ile hali ya wasiwasi ya wapenzi wapya ndiyo haikuonekana. Kwa hiyo mapigo ya hofu yanaweza kuondoka na hamu ikabaki.

Na mapigo ya moyo si shahidi wa kuaminika. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio na wanaume waliokuwa wakivuka daraja la Capilano, Kanada, linaloning'inia juu sana na kuyumba, ambapo mwanamke aliwahoji na kuwaachia namba yake ya simu. Tisa kati ya 18 waliochukua namba hiyo walimpigia baadaye. Kwenye daraja imara la karibu na hapo, walipiga wawili kati ya 16. Mwili uliokuwa ukitetemeka kwa kuogopa kuanguka ulisomwa kama mwili uliovutiwa.

Wapo wanandoa wanaoishi kwenye daraja la aina hiyo. Wanagombana hadi mlango unabamizwa, mmoja anaondoka, anarudi alfajiri, wanakumbatiana wakilia, na utamu wa kupatana unawaaminisha kwamba wanapendana kuliko majirani waliotulia. Kama katika ugomvi huo kuna vipigo au vitisho, hapo si suala la hisia tena, ni la usalama, na daftari halitoshi.

Wazazi wenye vijana nao watalitambua jambo hili sebuleni kwao, pale binti wa kidato cha tatu anapokagua simu kila dakika mbili. Kumwambia “hayo si mapenzi, ni utoto” husaidia kidogo, maana anachojisikia ni cha kweli na kinauma. Swali la mshauri linafaa zaidi, tena likiulizwa bila kejeli: huyo kijana ni mtu wa namna gani, wewe ukiwa haupo?

Mwalimu wa Mbagala hakwenda Mwanza. Hakumwambia mumewe kila kitu, na bado hajaamua kama atamwambia. Kwenye kundi la wanafunzi wenzake yumo, ila ujumbe wa pembeni haujibu. Anakubali kwamba wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu, usingizi ulikata, chakula hakikupita.

Mwezi uliopita mumewe alianza kulalamika kiu na kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku. Mke alijua hatakubali kwenda kupima, na alijua kwa nini. Hakumlazimisha. Alimwomba amsindikize yeye kituo cha afya akapime shinikizo la damu, na walipofika kwenye benchi akamwambia muuguzi, kwa sauti ya chini, wampime sukari na baba watoto wakati wakisubiri.

“Alinitazama vibaya,” anasema, akicheka. “Lakini kidole alikitoa.”