Simu ya Mama Mdogo Haiiti: Kuitengeneza Ukiwa Mbali kwa Kuiona Skrini Yake

Mzazi akikwambia simu yake "imeharibika", mara nyingi haijaharibika. Kuna kitu kimeguswa kwenye mipangilio, na kwa kuwa hakukiona kikiguswa hawezi kukueleza ni kipi. Utamuuliza, "Pale juu kabisa kuna nini?" Atakujibu, "Kuna saa na betri." Kile kiduara kidogo chenye kistari katikati, kilichojibanza kati ya saa na betri, hatakitaja, kwa sababu kwake si kitu. Na kumbe shida yote iko hapo.

Ndiyo maana nimeacha kumwelekeza mtu wa nyumbani kwa maneno matupu. Tangu Agosti 2023, WhatsApp ina uwezo wa kuonyesha skrini katikati ya simu ya video: mwenzako anaona kila unachokiona wewe, ukifungua mipangilio anaiona, ukirudi nyuma anaona. Anaona tu. Hawezi kubonyeza chochote kwenye simu yako. Watu wengi huona huo ni upungufu. Mimi naona kwa wazee wetu ndiyo faida yenyewe, na sababu nitaieleza.

Chukua shida ya mama mdogo wangu aliyeko Korogwe. Malalamiko yalianza kwa watoto wake: wanampigia mchana kutwa, hapokei, na jioni anakuta simu ambazo hakuzisikia. Yeye akasema simu inaita ikipenda. Nilipomhoji zaidi yakatokea mambo mawili yaliyonipa mwanga. Kwanza, usiku baada ya chakula simu inaita vizuri, tena kwa sauti kubwa. Pili, anayepiga mara ya pili papo hapo humpata. Spika mbovu haichagui saa, wala haimtambui aliyepiga mara mbili. Anayechagua hivyo ni mpangilio unaoitwa Do Not Disturb, ule unaozima milio ili mtu asisumbuliwe.

Nilimtumia bando kwanza, maana simu ya video hula data na ikikatika katikati mzee hukata tamaa. Kisha nikamwomba anipigie yeye, kwa sababu simu yake ndiyo isiyoita. Tukasalimiana, nikamwambia, "Mama, gusa kioo mara moja vitufe vitokee." Kwenye simu nyingine alama ya Share screen inaonekana moja kwa moja, karibu na ile ya kamera, kwenye nyingine imo ndani ya vitone vitatu. Alipoigusa likatokea onyo kwamba WhatsApp itaweza kuona kila kilicho kwenye skrini. Hapo mama akasita, na alikuwa na haki ya kusita. Onyo hilo ni la kweli. Nilimweleza kwamba ni mimi tu nitakayeona, na kwamba anaweza kulifunga dirisha hilo wakati wowote.

Simu zenye Android mpya huuliza swali moja zaidi: unataka kuonyesha programu moja au skrini nzima? Ukichagua programu moja, msaidizi wako hataiona Settings hata ukiifungua, na mtabaki mnaulizana kulikoni. Chagua skrini nzima. Halafu kuna hofu ambayo nimeiona kwa wazee wengi: wanadhani wakitoka WhatsApp kwenda ukurasa wa mwanzo, simu itakatika. Haikatiki. Mwambie mapema, "Utatoka hapo, lakini sauti yangu utaendelea kuisikia," ndipo umwambie abonyeze cha kurudi mwanzo.

Mara skrini yake ilipotokea kwangu, kile kiduara chenye kistari kilikuwa pale juu kimetulia, saa sita mchana. Nilimwomba avute kidole kutoka juu kushuka chini. Likashuka pazia la vitufe vya haraka, na kitufe cha Do Not Disturb kilikuwa kinang'aa rangi.

Hapa ndipo wasaidizi wengi hukosea. Wanamwambia mzee akiguse kizime, wanaagana, na kesho yake malalamiko yanarudi yaleyale. Kitufe kile huzima hali iliyopo kwa wakati huo. Kama kuna ratiba inayoiwasha kila siku, itawaka tena ratiba ikifika. Tulipaswa kuitafuta ratiba.

Menyu za simu hazifanani: Tecno ina mpangilio wake, Samsung wake, na hata Samsung mbili za miaka tofauti zinaweza kupishana. Badala ya kukariri njia, tumia kioo cha kutafutia kilichoko juu ya Settings. Nilimtajia mama herufi moja moja za neno disturb, naye akaziandika. Jibu likaja, akaligusa, akashuka hadi Schedules. Kulikuwa na ratiba iitwayo Sleeping, imewashwa siku zote saba: kuanzia 10:00 PM hadi 7:00 PM.

Mjukuu wake ndiye aliyeiweka, kwa nia njema kabisa, ili bibi alale bila kelele kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Alipofika kwenye saa ya kumalizia akaweka saba, lakini akaacha PM badala ya AM. Simu ikaelewa saa moja jioni. Kwa hiyo kwa saa ishirini na moja kila siku ilikuwa kimya, na ilipata sauti kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku tu, ule wakati baada ya chakula. Na wale waliopiga mara ya pili? Kwenye Do Not Disturb kuna ruhusa iitwayo Repeat callers: mtu yuleyule akipiga tena ndani ya dakika 15, simu inaita, kwa kudhaniwa kwamba ana jambo la dharura. Mama aligusa PM ikawa AM, akahifadhi, na kile kiduara kikatoweka juu ya skrini tukiwa tunakitazama wote wawili.

Kazi yenyewe ni rahisi. Kuelekeza ndiko kunakotaka subira. Picha hukufikia ikiwa imechelewa kidogo, sekunde moja au zaidi mtandao ukiwa dhaifu. Ukisema "gusa hapo" na kabla hujaona kitu ukasema tena "gusa", yeye atagusa mara mbili, na mguso wa pili utaangukia ukurasa mwingine kabisa. Sema hatua moja, nyamaza, subiri uione imetokea, ndipo useme inayofuata. Usiseme "pale" wala "hapo kulia", kwa sababu kidole chake hukioni. Sema "mstari wa tatu kutoka juu, ulioandikwa hivi," kisha mwombe akusomee kabla hajagusa. Akisoma, utajua yuko pahali sahihi.

Kuna jambo jingine linalofanana na ubishi lakini si ubishi. Mzee anasema amegusa, wewe unaona hakuna kilichofunguka, au kimetokea kidirisha ambacho hukukitarajia. Mara nyingi amekandamiza kidole na kukiacha hapo, na simu imeelewa kuwa ni kushikilia, ambako kuna maana yake tofauti. Mwambie agonge kama anayebisha hodi, kisha aondoe kidole. Ikizidi, ndani ya Accessibility kuna mpangilio wa Touch and hold delay. Ukiuweka kwenye Long, simu itasubiri zaidi kabla ya kuhesabu kwamba mtu ameshikilia. Kwa vidole vyenye baridi yabisi mpangilio huo ni msaada mkubwa.

Msimalize bila kuongeza sauti ya mlio, kwa kuwa huenda nayo ilishushwa. Vitufe vya pembeni havitasaidia: katikati ya simu huongeza sauti ya mazungumzo tu, na hata wakati mwingine, kwenye Android nyingi za sasa, huongeza sauti ya muziki na video. Mzee anaweza kubonyeza mpaka mwisho na mlio ukabaki chini vilevile. Ingieni Settings, sehemu ya sauti, mvute kile kijiti cha Ring volume.

Halafu jaribuni, na jaribio lenyewe linataka akili. Kateni simu ya WhatsApp kwanza. Usijaribu kwa namba ambayo imempigia dakika chache zilizopita, maana ile ruhusa ya dakika 15 inaweza kuipitisha hata kama Do Not Disturb bado imewaka, nanyi mkadhani mmemaliza. Usitumie pia namba iliyowekewa nyota kwenye majina yake, kwa sababu nayo huweza kuruhusiwa. Mimi nilimwomba jirani yangu ampigie, namba ambayo mama haijui. Ikaita tangu mlio wa kwanza.

Sasa lile suala la usalama. Wakati skrini inaonyeshwa, ujumbe ukiingia huenda msaidizi akauona. Android 15 huficha maudhui ya arifa wakati wa kuonyesha skrini, lakini simu nyingi za wazazi wetu ni za zamani zaidi. Programu za benki nyingi hujizuia zenyewe, na msaidizi huona weusi mtupu. Menyu za kupiga kwa nyota na reli hazina kinga hiyo. Ukipiga *150*00# ya M-Pesa, kwenye simu nyingi namba ya siri huonekana wazi kadiri unavyoiandika. Kwa hiyo mama akitaka kuangalia salio, anasitisha kuonyesha skrini kwanza, hata kama anayetazama ni mwanawe wa kumzaa.

Matapeli wanalijua hili vizuri. Hupiga simu ya video wakijifanya watu wa benki au wa mtandao, humwomba mtu aonyeshe skrini, kisha husoma namba ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe. Kwetu tuna utaratibu mmoja: mzee ndiye anayepiga, kwa namba ya ndugu aliyemhifadhi mwenyewe. Anayempigia yeye na kumwomba skrini hapewi, awe nani. Kwa walioko Tanzania, namba ya tapeli hutumwa 15040.

Zipo programu zinazokwenda mbali zaidi, kama TeamViewer QuickSupport na AnyDesk, ambazo kwenye Android humwezesha msaidizi kubonyeza mwenyewe akiwa mbali. Kwa wenye iPhone, tangu iOS 18 ya mwaka 2024, FaceTime nayo inaruhusu hivyo kati ya watu wawili. Ndugu walioko Dubai, ambako simu za WhatsApp zimezuiwa kwa muda mrefu, hutumia Google Meet au Zoom, nazo zinaonyesha skrini vizuri. Lakini programu ya kuiendesha simu ya mzazi sishauri muiache ndani ya simu yake. Hiyo ndiyo ambayo tapeli humwomba mtu aipakue, na ikiwa imo tayari amepunguziwa kazi. Tena, ukibonyeza wewe yeye hajifunzi kitu. Wiki chache baadaye mama mdogo alimwonyesha jirani yake pale Korogwe mahali ratiba ya kulala inapokaa, maana vidole vilivyobadilisha ile PM vilikuwa vyake.