Dozi ya Sauti ya Siku Saba

Simu nyingi za kisasa hupiga hesabu ambayo mwenye simu hana habari nayo. Kila anapovaa hedifoni na kuwasha muziki, simu hukadiria ukali wa sauti inayofika sikioni na muda inaodumu, kisha hujumlisha. Jumla ya siku saba ikivuka kikomo, onyo hutokea kwenye skrini, na baadhi ya simu hupunguza sauti zenyewe.

Kikomo hicho hakikutungwa na watengenezaji wa simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yalitangaza kiwango cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki; kwa mtoto, desibeli 75 kwa saa hizohizo.

Wengi hudhani kwamba desibeli 83 ni kelele kidogo tu kuliko 80. Sikio nalo husema hivyo, kwani tofauti yake husikika kwa shida. Lakini kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, nishati inayoingia sikioni huwa maradufu, na muda salama hukatika nusu. Kwa desibeli 83, saa 40 zinabaki 20. Kwa 86 zinabaki 10, na kwa 89 zinabaki 5. Ni kama uniti za LUKU: uniti ni zilezile, ila anayewasha pasi huzimaliza mapema kuliko anayewasha taa.

Tumchukue abiria wa Dar es Salaam anayepanda daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo, dakika 45 kwenda na dakika 45 kurudi, siku sita kwa wiki. Ili azibe mngurumo wa injini na kelele za konda, anapandisha muziki hadi desibeli 89. Kwa kiwango hicho, saa 5 ndiyo dozi nzima ya wiki, kwa hiyo saa moja na nusu ya kila siku inakula asilimia 30. Akianza Jumatatu, Alhamisi jioni simu inasoma asilimia 120. Jumamosi inafika 180.

Jumatatu inayofuata hesabu haianzi sifuri. Simu hutazama siku saba zilizopita, hivyo asilimia 30 za Jumatatu iliyopita zinatoka, za leo zinaingia, na jumla inabaki palepale. Akishusha sauti hadi desibeli 83, safari zilezile zinamgharimu asilimia 45 tu kwa wiki. Hedifoni zinazoziba vizuri tundu la sikio humsaidia kufanya hivyo, kwa sababu kelele za nje zikipungua hana tena haja ya kushindana nazo.

Simu inajuaje haya yote, ilhali haina kipimo ndani ya sikio? Husoma wimbo wenyewe unavyopita kwenye mitambo yake, ikaangalia sauti imewekwa wapi, halafu ikakisia hedifoni zitatoa desibeli ngapi. Besi nzito hupewa uzito mdogo kuliko sauti za kati, ambazo sikio la binadamu huzipokea kwa wepesi zaidi.

Tatizo liko kwenye kukisia. Hedifoni ambazo simu inazitambua vizuri, kwa mfano AirPods kwenye iPhone, hukadiriwa kwa usahihi zaidi. Za bei ya chini zinazouzwa kando ya barabara simu haizijui, na jozi mbili zilizowekwa sauti sawa zinaweza kupishana kwa desibeli kadhaa. Simu ikikosea kwa desibeli 6 pekee, asilimia 45 za kwenye skrini zinaweza kuwa asilimia 180 sikioni.

Kosa jingine hutokea kwenye Bluetooth. Spika ya sebuleni ikihesabiwa kama hedifoni, dozi hupanda bure. Hedifoni zikihesabiwa kama spika, hazihesabiwi kabisa. Kwenye iPhone hili hurekebishwa kwa kufungua Settings, kisha Bluetooth, kugusa alama iliyo kando ya jina la kifaa na kuchagua aina yake sahihi. Sehemu ya Headphone Safety, ndani ya Sounds & Haptics, humruhusu mtu kuweka desibeli ambazo muziki hautazivuka. Kwenye Android, hesabu ya dozi iliingia na toleo la 14, lakini si kila simu inayo.

Hata hesabu ikiwa sahihi, inahusu hedifoni za simu hiyo tu. Muziki wa daladala, spika za harusini na mashine za kazini haimo. Kwa hiyo mlio unaobaki masikioni baada ya kuvua hedifoni, au sauti za watu kusikika kana kwamba zinatoka nyuma ya ukuta, ni dalili kwamba sikio limezidiwa hata kama skrini inaonyesha asilimia ndogo. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti hazioti tena zikifa, hivyo dalili hizo zikidumu, mahali pa kwenda ni kliniki ya masikio kupimwa usikivu.