Kuisoma Tr 40 × 14 P7 LH – 7e

Katika mchoro wa kiufundi wa skrubu ya kusogezea, pembeni mwa meno, kwa kawaida pana mshale mwembamba na mstari mmoja wa maandishi. Tuchukue huu: Tr 40 × 14 P7 LH – 7e. Kwa asiyeuzoea unafanana na namba ya usajili wa gari. Fundi wa kerezo hupata humo karibu kila kitu anachohitaji: umbo la meno, unene wa chuma, kina cha mfereji, gia za kuweka, upande wa kuanzia kukata, na nafasi aliyoachiwa ya kukosea.

Herufi Tr ni za uzi wa trapezi, yaani ule ambao jino lake ni pana kwenye mzizi, jembamba kwenye ncha, na lina bapa juu. Mbavu mbili za jino zinafanya pembe ya digrii 30. Ndio uzi wa jeki za skrubu, vibanio vikubwa vya mezani na skrubu zinazosogeza sehemu za mashine, kwa sababu unabeba mzigo kuliko uzi wa bolti ya kawaida, ambao meno yake yamechongoka kwa digrii 60. Namba 40 ni kipenyo cha nje kwa milimita, kile ambacho vernia inasoma ikibana ncha za meno.

Makosa ya gharama hutokea kwenye 14 na P7.

Namba inayofuata alama ya mara, 14, ni mwendo: umbali ambao nati inasafiri skrubu inapozunguka mara moja kamili. P7 ni pichi, umbali kutoka jino moja hadi jino linalofuata. Kwenye skrubu iliyozoeleka mambo haya mawili ni kitu kimoja, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kuyatenganisha; zungusha mara moja, nati inasogea jino moja. Hapa nati inasogea milimita 14 wakati meno yamepangana kila milimita 7. Hilo linawezekana kwa namna moja tu, kwamba kwenye chuma hicho kuna mifereji miwili inayozunguka sambamba, kila mmoja ukiwa na mwanzo wake kwenye ncha ya skrubu. Idadi ya mianzo haikuandikwa popote. Inapatikana kwa kugawanya mwendo kwa pichi: 14 kwa 7 ni 2. Kama mchoro ungesema 21 P7, mianzo ingekuwa mitatu.

Msomaji akiichukua 14 kuwa ndiyo pichi, ataharibu kazi hata kama mkono wake ni hodari. Kina cha mfereji wa trapezi kinafuata pichi. Kwa pichi ya 7, kina ni nusu ya pichi ukiongeza nusu milimita ya nafasi ya mafuta, yaani milimita 4, na kiini cha chuma kinabaki na kipenyo cha milimita 32. Kwa pichi ya 14 kina kingekuwa milimita 8, na kiini kingebaki 24. Skrubu ya pili inapoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya kustahimili msokoto ikilinganishwa na ya kwanza, na hakuna nati ya mchoro ule itakayoingia.

Kwa nini mhandisi atake mianzo miwili? Anataka mwendo wa haraka bila kula chuma. Lakini kuna bei yake. Mfereji unaosogea milimita 14 kwa mzunguko unapanda kwa mwinuko wa takriban digrii 7, wakati ule wa mwanzo mmoja wenye pichi ileile unapanda digrii 3.5 tu. Mwinuko mdogo unaiwezesha skrubu kujizuia: ukiachia mpini, mzigo unabaki pale pale kwa sababu msuguano unaushinda. Ikiwa imepakwa mafuta vizuri na kizidishi cha msuguano ni 0.1, uzi wa trapezi unaacha kujizuia mwinuko ukipita digrii 6 hivi. Kwa hiyo skrubu yetu ipo upande wa hatari. Ikiwa kavu huenda ikashika. Ikilowa mafuta na kutikisika, meza inayobebwa inaweza kushuka yenyewe. Mtu anayebadilisha skrubu ya jeki kutoka mwanzo mmoja kwenda miwili ili ipande upesi, kipenyo na pichi vikiwa vilevile, anaondoa breki bila kujua.

Kisha LH. Herufi hizi mbili zinasema uzi ni wa kushoto: nati inakazwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Uzi wa kulia hauandikiwi chochote, kwa hiyo zisipokuwepo herufi hizo, ni kulia. Kila fundi wa baiskeli Afrika Mashariki anajua pedali ya kushoto ina uzi wa kushoto. Anayeilazimisha kwa mkono wa kawaida huharibu shina la kranki. Kwenye mashine, mahali pa kuukuta ni skrubu ya kitelezi cha kukingama cha kerezo. Skrubu hiyo haisogei, nati iliyofungwa kwenye kitelezi ndiyo inayosogea, na uzi wa kushoto unafanya mpini ukizungushwa kwa saa kisu kiende mbele kuelekea kazi, kama mkono wa mtu unavyotarajia.

Kuutambua kwa macho ni rahisi. Simamisha skrubu wima mbele yako. Meno unayoyaona yakipanda kuelekea mkono wako wa kulia, ni uzi wa kulia. Yakipanda kuelekea kushoto, ni LH. Kuigeuza skrubu kichwa chini hakubadilishi jibu.

Sasa fundi yuko kwenye kerezo. Gia anaziweka kwa mwendo, 14, wala si kwa pichi. Akiziweka kwa 7 atapata uzi mzuri wa kupendeza wenye mwanzo mmoja, meno yake yatapita kipimo cha pichi bila shida, na kosa litagunduliwa siku nati inapogoma kuingia. Kwa kuwa ni uzi wa kushoto, kichwa cha mashine kinazunguka kama kawaida lakini kigari kinatoka kwenye taya kwenda upande wa mkia. Kisu kinaanzia kwenye mfereji wa kupumzikia uliochongwa mapema karibu na taya, kwani hakuna nafasi ya kuingia kutoka hewani. Kwa sababu kisu kinasafiri kwenda kulia, ubavu wake wa kulia ndio unaotangulia, na ndio unaopaswa kunolewa kwa kuongezewa zile digrii 7 za mwinuko. Kisu kilichonolewa kwa uzi wa kulia kitasugua badala ya kukata. Utakijua kwa mlio, joto na ubavu wa jino uliochanika.

Mfereji wa kwanza ukifika kina chake, wa pili unaanza katikati kabisa ya jino pana lililobaki. Njia ya kawaida ni kukilaza kitelezi kidogo cha juu sambamba na kazi, kisha kukisogeza milimita 7 kamili kwa namba za mpini wake. Kitelezi kisogezwe upande mmoja tu hadi mwisho, maana kukirudisha nyuma kunaingiza ulegevu wa skrubu yake kwenye hesabu. Njia nyingine ni kuizungusha kazi nusu mzunguko, digrii 180, huku kigari kimebaki mahali pake.

Tuseme kitelezi kimesogea milimita 6.9. Jino moja linakonda kwa 0.1 na jirani yake linanenepa kwa 0.1, hivyo tofauti kati yao ni 0.2. Vernia inatosha kulibaini: bapa la juu la jino katika pichi ya 7 linapaswa kuwa na upana wa milimita 2.56 hivi, na muhimu zaidi, meno mawili yanayofuatana yawe sawa. Yakipishana nene, jembamba, nene, jembamba, mgawanyo umekosewa. Skrubu ya namna hiyo hubana ndani ya nati iliyogawanywa sawasawa, na kuzidisha kina cha mifereji yote miwili ili iingie kunaongeza tu ulegevu upande mmoja.

Imebaki 7e, nayo ndiyo inayorukwa na wengi.

Herufi ndogo ni ya uzi wa nje, yaani skrubu. Herufi kubwa ni ya nati, ambayo kwa kawaida ingeandikwa 7H. Namba 7 ni daraja la ruhusa: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kipimo kinavyoruhusiwa kupishana zaidi. Herufi inasema ruhusa hiyo inaanzia wapi. Kwa nati ya H inaanzia kwenye kipimo kamili. Kwa skrubu ya e inaanzia chini yake, na kwa pichi ya milimita 7 upungufu huo wa lazima ni milimita 0.125. Kipimo chenyewe hakichukuliwi kwenye ncha ya jino. Kinachukuliwa kwenye kipenyo cha kati, pale ambapo unene wa jino na upana wa mfereji ni sawa. Kwa Tr 40 ya pichi ya 7, kipenyo hicho ni 40 ukitoa 3.5, yaani 36.5. Kwa hiyo skrubu yetu haipaswi kuzidi 36.375. Pengo hilo ndilo makazi ya mafuta, na anayelengesha 36.5 kamili akidhani anafanya kazi safi ametengeneza skrubu iliyokataliwa.

Hapa mianzo inarudi tena. Kiwango cha ISO 2903 kinatambua kwamba kugawanya mifereji kunaongeza makosa, hivyo ruhusa ya kipenyo cha kati inayosomwa kwenye jedwali inazidishwa: kwa 1.12 mianzo ikiwa miwili, 1.25 ikiwa mitatu, 1.4 ikiwa minne. Jedwali likitoa, tuseme, 0.300, skrubu ya mianzo miwili inapewa 0.336. Mkaguzi asiyefanya kuzidisha huko anaweza kukataa skrubu nzuri.

Maandishi hayafanani kila mahali. Michoro mingi huweka pichi ndani ya mabano, Tr 40 × 14 (P7) LH – 7e, na maana haibadiliki. Kwenye uzi wa kawaida wa metriki, mwendo unatanguliwa na Ph na mkono unakwenda mwisho, kama M14 × Ph6 P2 – 7H – L – LH: mwendo 6, pichi 2, mianzo mitatu, nati ya daraja 7H. Ile L ya peke yake inasema nati inashika skrubu kwa urefu mkubwa kuliko kawaida. Mchoro wa Kimarekani wenye 0.4P-0.8L-ACME-2G-LH unatumia herufi hiyo hiyo kwa jambo jingine: 0.8L ni mwendo kwa inchi, na 0.8 kwa 0.4 ni mianzo miwili.