Homa Inaporudi Baada ya Kuanza ARV

Mtu mwenye VVU aliyeanza ARV akiwa amedhoofika sana anaweza kujisikia vibaya zaidi katika wiki za mwanzo kuliko kabla hajameza kidonge cha kwanza. Homa inarudi, tezi za shingo zinavimba, na kikohozi kilichokuwa kimetulia kinaanza upya. Wanaomuuguza husema dawa zimemkataa, na huenda akatokea ndugu wa kumshauri aziache. Lakini mara nyingi kinachomsumbua ni kinga yake mwenyewe, iliyoanza kurudi kazini.

Homa na uvimbe havisababishwi na kijidudu peke yake. Sehemu kubwa ni kazi ya chembe za kinga zinapokitambua kijidudu hicho na kukishambulia. Kwa mtu ambaye VVU vimekwisha kula chembe zake za CD4, bakteria wa kifua kikuu wanaweza kujaa mwilini bila kupingwa ipasavyo. ARV zikishavibana virusi, kinga huamka ndani ya wiki chache na kukuta bakteria hao, wazima na mabaki ya waliokufa, kwenye mapafu na kwenye tezi. Hushambulia kwa nguvu, na mgonjwa huumia kwa mashambulizi hayo. Wahudumu wa afya huiita hali hii IRIS. Humpata zaidi mtu aliyeanza ARV akiwa na CD4 chache sana, hasa chini ya 100, na dalili zake kwa kawaida huonekana ndani ya miezi 3 ya kwanza.

Tumfuate mgonjwa wa mfano. Ni seremala wa miaka 36, mwenye uzito wa kilo 52. Amekohoa mwezi mzima, usiku analowa jasho, na suruali zake zote zinampwaya. Kipimo kinaonyesha ana VVU, na CD4 zake ni 42, wakati mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 au zaidi. Makohozi yake yanapimwa kwa mashine ya GeneXpert na kukutwa na kifua kikuu kinachosikia dawa ya rifampisini. Haumwi kichwa, shingo haijakakamaa, na kipimo cha damu cha fangasi wa kriptokokasi hakioni kitu.

Asingekuwa na dalili za ugonjwa mwingine, angeweza kuanza ARV siku hiyo hiyo. Kwa kuwa ana kifua kikuu, anaanza kwanza dawa za TB, kisha ARV zinafuata ndani ya wiki 2. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, CD4 ziwe ngapi ziwe, ilimradi TB haijaingia kwenye utando wa ubongo.

Kwa nini asimalize TB kwanza, mwili ukapumzika na wingi wa vidonge? Jibu lilipatikana Kambodia, katika utafiti uliotolewa mwaka 2011. Wagonjwa 661 wa kifua kikuu, wote wakiwa na CD4 zisizozidi 200, waligawanywa makundi mawili. Wa kwanza walianza ARV wiki 2 baada ya dawa za TB, wa pili wiki 8. Waliowahishwa walipata IRIS zaidi, lakini waliofariki kati yao walikuwa 59, na kwa waliocheleweshwa walikuwa 90. Mwenye CD4 chache namna hiyo akisubirishwa, ugonjwa nyemelezi mwingine unaweza kumchukua kabla dawa hazijamfikia.

Kwenye ubongo hesabu hugeuka. Mapafu na tezi vinaweza kuvimba mtu akaumia na bado akapona, lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu na hauna pa kutanukia. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, matokeo yake yakatolewa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 177 waliokuwa na fangasi wa kriptokokasi kwenye utando wa ubongo. Walioanzishiwa ARV wiki 1 hadi 2 baada ya kugunduliwa, asilimia 45 walikuwa wamefariki ilipofika wiki ya 26. Waliosubiri takriban wiki 5, ilikuwa asilimia 30. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Tangu hapo mgonjwa wa fangasi hao hutibiwa kwanza, akaanza ARV baada ya wiki 4 hadi 6, na mwenye TB ya utando wa ubongo husubiri wiki 4 hadi 8. Ndiyo maana mgonjwa mpya anayeumwa kichwa kwa siku kadhaa hapaswi kulificha hilo ili apewe ARV haraka.

Seremala wetu anaanza ARV siku ya 14. Anameza kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, na saa 12 baadaye anaongeza dolutegraviri ya miligramu 50 peke yake, kwa sababu rifampisini huiondoa dawa hiyo mwilini upesi. Homa ilikuwa imeshapungua na ameanza kula. Wiki 3 baadaye homa inapanda hadi nyuzi 39, na tezi mbili upande wa kushoto wa shingo zinavimba na kuuma.

Swali la kwanza kliniki ni, "Kaka, vidonge vyote umemeza, vya TB na vya ARV?" Linaulizwa bila kulaumu, kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachosema hii ni IRIS. Hufikiwa kwa kuondoa mengine: dawa zilizorukwa, TB sugu, malaria, mzio wa dawa, ugonjwa mwingine nyemelezi. GeneXpert hapa inahitaji tahadhari, kwani huweza kuonyesha TB hata kwa bakteria waliokwisha kufa, kwa hiyo maabara huotesha sampuli kuona kama kuna walio hai. Wingi wa virusi kwenye damu nao hupimwa. Kama umeshuka sana tangu aanze ARV huku homa imepanda, kinga inayorejea inakuwa mtuhumiwa mkubwa.

Akikutwa na IRIS, anaendelea na dawa zote, za TB na ARV. Usaha kwenye tezi unaweza kuvutwa kwa sindano, na hilo peke yake humpa nafuu. Dalili zikiwa nzito, daktari huongeza prednisoloni kutuliza mashambulizi: miligramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa wiki 2, kisha nusu yake kwa wiki 2. Kwa kilo 52 ni takriban miligramu 80 kwa siku, halafu 40. Dozi ikipunguzwa, homa inaweza kurudi kidogo, na akirudi kliniki kusema, itarekebishwa.

Nawasihi wanaouguza, msimnunulie mgonjwa prednisoloni kwenye duka la dawa. Kama TB yake ni sugu na haijagunduliwa, itafunika homa huku ugonjwa unaendelea. Kama ana saratani ya Kaposi, ile yenye madoa ya zambarau kwenye ngozi au kinywani, inaweza kuifanya ienee na kumuua.

IRIS hutokea pia kwa mtu ambaye hakujulikana kuwa na TB. Ilikuwa imejificha, na ARV zikaifichua. Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza mhudumu huuliza kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Jibu la ndiyo kwa lolote linahitaji kipimo. Na aliyeanza ARV akipata kichwa kisichotulia, kutapika, kuona mawili mawili, kuchanganyikiwa au kushindwa kupumua, asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyo, na mfuko wake wa dawa ubebwe, pamoja na kadi yenye tarehe aliyoanza kila dawa.