Siku Hesabu ya Vifo Ilipokuwa Hasi

Tarehe 24 Mei 2020 jumla ya vifo vya UVIKO-19 iliyotangazwa na Wizara ya Afya ya Hispania ilikuwa 28,752. Kesho yake wizara hiyohiyo ikatangaza 26,834. Aliyetaka kujua waliofariki siku hiyo moja, akatoa jumla ya jana kwenye jumla ya leo, alipata hasi 1,918. Wizara ilikuwa imepitia upya taarifa za mikoa, ikawaondoa waliohesabiwa mara mbili na wale ambao ugonjwa wenyewe haukuthibitishwa.

Jumla ya aina hii, inayoanza mahali fulani na kuendelea kupanda, huitwa jumla limbikizi. Mita ya maji huhesabu hivyo, na ripoti nyingi za chanjo pia. Uzuri wake ni kwamba ukikosa kusoma siku moja hupotezi kitu, kwa kuwa usomaji unaofuata umebeba yote. Lakini meneja wa maji anataka kujua jana yametoka maji kiasi gani, na mwandishi wa habari anataka vifo vya siku. Kwa hiyo kila jedwali linaposasishwa, yaani kila data mpya inapovutwa na hesabu kurudiwa, kompyuta hutoa usomaji wa nyuma kwenye usomaji wa mbele. Kazi hiyo ni rahisi mpaka siku tofauti inapokuwa hasi.

Tuchukue kisima cha kijiji chenye mita ya tarakimu tano, kinachotoa uniti 30 hadi 40 kwa siku, uniti moja ikiwa ni lita 1,000. Jana mita ilisoma 99,987 na leo inasoma 00,021. Tofauti ni hasi 99,966. Mita haikuharibika, ila imefika mwisho wa tarakimu zake na kuanza upya. Ongeza 100,000 kwenye tofauti hiyo na utapata 34, kiasi ambacho kisima hiki hukitoa siku zote.

Sasa tuseme jana ilisoma 48,312 na leo 00,009. Ukiongeza 100,000 hapa, unaambiwa kisima kimetoa uniti 51,697 kwa siku moja, jambo lisilowezekana. Mita imebadilishwa, na mpya imeanzia sifuri. Wengi hutatua hali hii kwa fomula moja ya Ekseli, ambapo safu ya B ina usomaji wa mita:

```
=IF(B3>=B2, B3-B2, B3)
```

Maana yake ni hii: kama leo si ndogo kuliko jana, toa, kama ni ndogo, chukulia mita imeanza upya na uweke usomaji wa leo kama ulivyo. Kisima kitaandikiwa uniti 9. Jibu hilo linakaribia ukweli bila kuufikia, kwa sababu mita ya zamani iliendelea kuhesabu baada ya kusomwa jana hadi fundi alipoifungua. Ikiwa fundi aliandika kwamba aliitoa ikisoma 48,331, basi zipo uniti 19 za mita ya zamani, ukijumlisha 9 za mita mpya unapata 28. Ikiwa hakuandika, uniti hizo 19 hakuna fomula itakayozirudisha. Ndiyo maana naona daftari la fundi lina thamani kuliko ufundi wowote wa kwenye jedwali: tarehe, namba ya mita, usomaji wa mwisho wa ya zamani na usomaji wa kwanza wa mpya.

Chukua sasa fomula hiyohiyo uipeleke Hispania. Jumla ya tarehe 25 ni ndogo kuliko ya tarehe 24, kwa hiyo fomula inaamini kaunta imeanza upya na kuandika kwamba siku hiyo moja walikufa watu 26,834. Fomula haikukosea hesabu. Ilipewa kanuni ya mashine, ikaitumia kwenye orodha ya watu iliyosafishwa. Wapo wanaokimbilia njia nyingine, ya kugeuza kila hasi kuwa sifuri. Chati inapendeza, lakini ukijumlisha siku zote tangu mwanzo unapata vifo 1,918 zaidi ya jumla rasmi. Kipimo hicho kinafaa kufanywa kila baada ya kusasisha: jumla ya tarakimu za siku ilingane na jumla limbikizi ya mwisho, au pengo lililopo liwe na maelezo.

Kwa masahihisho kama ya Hispania, hasi iachwe na alama ya maelezo hadi mwenye data atakapotoa mfululizo mpya unaoonyesha makosa yalikuwa siku zipi. Kuyagawanya mwenyewe kwa siku zilizopita ni kubuni.

Kuna hasi ya tatu, na hii ndiyo huwasumbua zaidi wanaosasisha kila asubuhi. Msoma mita anaandika 48,312, kesho yake 48,344, kisha 43,879, kisha 48,410. Siku ya tatu tofauti ni hasi 4,465 na ya nne ni chanya 4,531. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi: alikusudia 48,379. Fomula yetu ingeandika uniti 43,879 siku ya tatu na 4,531 siku ya nne. Lakini asubuhi ya siku ya tatu mtu aliye ofisini hana njia ya kujua kwa hakika kama ni kosa la mkono au mita imebadilishwa. Usomaji unaofuata ndio utakaoamua. Namba ikirudi kwenye njia yake ya zamani, lilikuwa kosa. Ikiendelea kupanda kutoka pale ilipoangukia, kaunta imeanza upya. Hadi hapo siku hiyo iandikwe kuwa inasubiri.

Kwa sababu hiyo kusasisha hakupaswi kuishia kuongeza mstari wa leo. Siku chache za nyuma zihesabiwe tena kila mara, na usomaji halisi wa mita utunzwe kama ulivyoandikwa, maana ukishahifadhi tofauti peke yake huna pa kurudi. Hapa kuna mtego mdogo. Kwa kutaka mfumo uwe mwepesi, watu huvuta siku saba tu za mwisho, na siku ya kwanza kati ya hizo haina jana yake. Mfumo mmoja utaiacha tupu. Mwingine utachukulia jana ni sifuri na kuandika kwamba kisima kilitoa uniti 48,312 siku hiyo. Ukitaka siku saba, vuta nane, kisha uifiche ya kwanza. Na kama jedwali lina visima kadhaa, kila mita itolewe kwenye jana yake yenyewe, si kwenye mstari wa juu ambao huenda ni wa kisima kingine.

Sifuri nayo iangaliwe. Tanzania iliacha kutoa takwimu za UVIKO-19 Mei 2020, jumla ikiwa wagonjwa 509 na vifo 21. Katika majedwali ya kimataifa jumla hiyo ilibaki palepale kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kila jedwali liliposasishwa, 509 ilitolewa kwenye 509. Matokeo yakawa mamia ya siku zilizoandikwa wagonjwa wapya sifuri, ilhali hakuna aliyeripoti chochote. Aliyepiga wastani wa Afrika Mashariki kwa kipindi hicho aliziingiza sifuri hizo kwenye hesabu yake kana kwamba zilipimwa. Mahali pake palikuwa seli tupu, na kwenye chati mstari uliokatika Mei 2020.