Tangazo la Mhasibu Kabla ya Tarehe 31 Machi

Kila mwanzo wa mwaka, wahasibu wa mijini nchini Tanzania huweka picha kwenye Instagramu na makundi ya Watsapu, na chini yake maneno machache ya kuwakumbusha wafanyabiashara wadogo kodi. Mengi huishia kwenye onyo: tarehe inakaribia, faini ipo, piga simu. Tangazo linalomfaa mwenye duka humweleza mambo matatu: anadaiwa nini, lini, na kumbukumbu za mauzo zinabadilishaje kiasi anacholipa.

Tarehe ndiyo rahisi zaidi. Kwa mtu binafsi ambaye mwaka wake wa hesabu unaanza Januari, makadirio ya kodi ya mapato hufanyika kabla ya 31 Machi, na awamu ya kwanza ya malipo hudaiwa siku hiyo hiyo. Awamu nyingine ni 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Tangazo lisiloandika siku na mwezi, likasema tu "muda unaisha", humwacha msomaji akiuliza majirani.

Kiasi ndicho kinachohitaji maelezo. Mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kwa mauzo ghafi ya mwaka, yaani fedha zote zilizoingia kwa kuuza kabla ya kutoa gharama yoyote. Wengi hukosea hapa, wakitaja faida badala ya mauzo. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 halipi. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, na anayetunza hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Chukua duka la vyakula linalouza wastani wa shilingi 30,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Mauzo yake ni milioni 9. Bila kumbukumbu, mwenye duka atalipa 250,000. Akiwa nazo, kinachozidi milioni 7 ni milioni 2, asilimia 3 yake ni 60,000, na jumla ni 150,000. Daftari limempunguzia shilingi 100,000 kwa mwaka, na kila awamu inakuwa 37,500 badala ya 62,500.

Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kupima pia bei ya huduma. Mhasibu anayetoza 30,000 kwa mwezi atachukua 360,000 kwa mwaka ili kumwokolea mteja 100,000. Kwa mwenye mauzo ya milioni 6.5, nafuu ni 25,000 tu. Kwa watu hawa, huduma inayofaa ni kufundishwa mara moja namna ya kuandika daftari, kisha kukaguliwa kila robo mwaka kabla ya malipo. Kazi ya kila mwezi inaleta maana kwa biashara kubwa zaidi, zenye wafanyakazi, mikopo na wauzaji wengi wa mali.

Tangazo lenyewe linaweza kuandikwa hivi:

"Mwenye duka, genge au saluni: makadirio ya kodi ya mapato na awamu ya kwanza, mwisho ni 31 Machi. Ukiuza milioni 9 kwa mwaka bila kumbukumbu, kodi ni 250,000. Ukiwa na kumbukumbu, ni 150,000. Tunakufundisha kuandika daftari na tunalikagua kila baada ya miezi mitatu. Njoo na TIN, daftari la mauzo ulilonalo, risiti za manunuzi na taarifa ya miamala ya simu. Ada inatajwa kabla ya kazi kuanza."

Taarifa ya simu imetajwa kwa sababu. Fedha alizotumiwa na ndugu, au za kikoba, zikichanganyika na za wateja kwenye laini moja, mauzo huonekana makubwa kuliko yalivyo. Laini ya biashara ikitengwa, tatizo linakwisha. Daftari nalo liandikwe siku kwa siku, kwa tarehe, kilichouzwa na kiasi, na kumbukumbu zihifadhiwe si chini ya miaka 5. Daftari lililojazwa lote usiku mmoja mwezi Machi hutambulika kwa wino mmoja, kiasi kinachojirudia na risiti zisizolingana nalo.

Kwa hiyo tangazo hufaa zaidi Januari, mwaka wa hesabu unapoanza, likarudiwa Machi kwa ajili ya tarehe. Viwango vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila Julai, hivyo mhasibu huvihakiki kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya kuyarudia maneno ya mwaka uliopita.