Namba nne kati ya rada na ramani

Rada ya pwani hupima mambo mawili tu kuhusu meli iliyo baharini: iko umbali gani, na iko upande gani. Umbali huupata kwa kupima muda ambao wimbi la redio limechukua kwenda kuigonga meli na kurudi. Upande huujua kwa kuangalia antena ilikuwa imeelekea wapi wimbi lile liliporudi. Ramani ina utaratibu mwingine: inataka kujua meli iko kilomita ngapi mashariki na kilomita ngapi kaskazini.

Kutoka kwenye vipimo vya rada kwenda kwenye ramani ni hesabu ya sekondari. Umbali ukiitwa r, na pembe kutoka mashariki kuelekea kaskazini ikiitwa θ, basi mahali pa meli ni hapa:

```
x = r cos θ
y = r sin θ
```

Chukua meli iliyo kilomita 10 kutoka kwenye antena, kwenye pembe ya nyuzi 30. Kwa pwani ya Afrika Mashariki, ambako bahari iko upande wa mashariki, meli hiyo iko majini. Hesabu inaiweka kilomita 8.660 mashariki na kilomita 5 kaskazini. Hadi hapo hakuna ugumu.

Ugumu unaanza meli inaposogea. Tuseme sasa rada inasoma kilomita 10.1 na nyuzi 31. Meli imesogea kiasi gani kwenye ramani, na kuelekea wapi? Katika kalkulasi ya darasani, swali la namna hii hujibiwa na derivativu, yaani namba moja inayosema tokeo hubadilika kwa kasi gani pale kigeu kinapobadilika kidogo. Lakini hapa vigeu vinavyoingia ni viwili, r na θ, na matokeo nayo ni mawili, x na y. Fanksheni ya namna hii, inayotoa matokeo kadhaa kwa mpigo, huitwa fanksheni ya vekta, na namba moja haiwezi kueleza mwenendo wake. Kwa kuwa kila kinachoingia kinaweza kugusa kila kinachotoka, zinahitajika namba nne.

Kila namba hupatikana kwa kukishika kigeu kimoja kisitikisike na kukiachia kingine peke yake. Pembe ikishikiliwa na umbali ukaongezeka, x hukua kwa kasi ya cos θ na y kwa kasi ya sin θ. Umbali ukishikiliwa na pembe ikaongezeka, x hupungua kwa kasi ya r sin θ, na y hukua kwa kasi ya r cos θ. Hizi ndizo derivativu za sehemu. Zikipangwa kwenye jedwali, matokeo yakiwa kwenye safu za mlalo na vigeu kwenye safu za wima, tunapata matriksi ya Jacobi:

```
J = | cos θ   -r sin θ |
    | sin θ    r cos θ |
```

Jina hilo linatokana na Carl Gustav Jacob Jacobi, mwanahisabati aliyezaliwa Potsdam, Prussia, mwaka 1804, na aliyefundisha kwa miaka mingi Königsberg. Mwaka 1841 alichapisha kwa Kilatini makala ndefu kuhusu majedwali ya aina hii na determinanti zake. Katika makala hiyohiyo aliifufua alama ∂, ambayo Legendre aliwahi kuitumia mwaka 1786 kisha ikaachwa. Leo ndiyo alama ya kawaida ya derivativu za sehemu. Jacobi hakuwa wa kwanza kukutana na jambo lenyewe, kwani Euler na Lagrange walishabadilisha vigeu katika hesabu za eneo na ujazo karne ya 18. Jina la Jacobi lilitiwa kwenye determinanti hiyo na Mwingereza James Joseph Sylvester katika miaka ya 1850.

Turudi kwa meli yetu. Pale ilipo, namba nne ni hizi:

```
J = | 0.866   -5.000 |
    | 0.500    8.660 |
```

Safu ya wima ya kwanza, 0.866 na 0.500, ni mshale unaotoka kwenye antena kwenda moja kwa moja kwenye meli, na urefu wake ni 1. Maana yake ni kwamba mita moja ya nyongeza katika umbali ni mita moja kwenye ramani. Safu ya pili ni mshale unaokata ule wa kwanza kwa pembe mraba, na urefu wake ni 10, sawa kabisa na r. Huo unaonyesha meli inakokwenda pembe peke yake inapobadilika: inapita kando, ikizunguka antena, na kadiri ilivyo mbali ndivyo hatua yake inavyokuwa ndefu.

Sasa tuizidishe matriksi kwa badiliko dogo. Umbali umeongezeka kwa kilomita 0.1. Pembe imeongezeka kwa nyuzi 1, ambayo ni radiani 0.01745. Kwa mashariki tunapata 0.866 mara 0.1, ukiondoa 5 mara 0.01745: jibu ni karibu sifuri, kama mita 0.7 kuelekea magharibi. Kwa kaskazini tunapata 0.5 mara 0.1, ukijumlisha 8.660 mara 0.01745, yaani mita 201. Meli imekwenda kaskazini karibu moja kwa moja, jambo ambalo mtu asingelibaini kwa kutazama 10.1 na 31 peke yake.

Je, jibu hilo ni sahihi? Tukiingiza kilomita 10.1 na nyuzi 31 kwenye kanuni ya awali, tunapata kwamba meli imesogea mita 2.9 magharibi na mita 201.9 kaskazini. Matriksi imekosea kwa mita 2.3 hivi katika hatua ya mita 200. Tukiipunguza hatua iwe sehemu ya kumi, yaani mita 10 za umbali na sehemu moja ya kumi ya nyuzi, kosa halipungui mara kumi tu. Linapungua mara mia, likabaki sentimita 2.3. Hiki ndicho kinachoipa matriksi haki ya kuitwa derivativu: hatua inapopungua, kosa hupungua kwa kasi zaidi kuliko hatua yenyewe.

Uwiano huo pia ni njia nzuri ya kukagua kazi. Anayeandika programu akitaka kujua kama derivativu zake ni sahihi, hulinganisha jibu la matriksi na badiliko halisi, kisha anaipunguza hatua mara kumi. Kosa likipungua mara kumi tu badala ya mara mia, kuna namba iliyokosewa. Kosa linalotokea sana ni kusahau radiani. Ukiingiza 1 kwa maana ya nyuzi 1 kwenye hesabu iliyo juu, meli inaruka kilomita 8.71 kwenda kaskazini kwa kufumba na kufumbua.

Determinanti ya matriksi hii ina habari yake. Ukizidisha namba za mshazari mmoja na kutoa zao la mshazari wa pili, unapata r cos² θ + r sin² θ, yaani r. Kwa meli yetu ni 10. Namba hiyo inapima eneo: kipande kidogo chenye upana wa kilomita 0.1 katika umbali na radiani 0.01745 katika pembe kina eneo la takriban 10 × 0.1 × 0.01745, yaani kilomita za mraba 0.01745. Kipande hichohicho kikipimwa barabara kwenye ramani kina kilomita za mraba 0.01754.

Ndiyo sababu wanafunzi wanaobadilisha majiranukta huonywa wasiisahau r. Mtu anayetafuta eneo la duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 3, akijumlisha vipande vya umbali na pembe bila kuzidisha kwa r, atapata 3 × 2π, yaani 18.85. Eneo la kweli ni kilomita za mraba 28.27. Vizio vinalifichua kosa mapema: pembe haina kizio cha urefu, kwa hiyo kilomita mara radiani hubaki kilomita, wala si kilomita za mraba. Alichokipata ni urefu wa mzingo wa duara.

Mabaharia, kwa desturi yao, hawahesabu pembe kutoka mashariki. Huanza kaskazini na kuzunguka kwa mwelekeo wa saa. Kwa pembe yao, x ni r mara sin na y ni r mara cos, na determinanti inakuwa hasi r. Ukubwa ni uleule, kwa hiyo eneo halibadiliki. Alama ya kutoa inaarifu tu kwamba mzunguko umegeuzwa, na anayekokotoa eneo huiacha, akachukua ukubwa peke yake.

Pale r inapokuwa sifuri, determinanti nayo ni sifuri, na hapo hesabu hairudi nyuma. Anayesimama kwenye antena yenyewe hana pembe. Kila pembe inampeleka mahali palepale. Taabu huanza hata kabla ya kufika hapo. Meli iliyo umbali wa kilomita 10 ikisogea mita 10 kando, pembe yake inabadilika kwa sehemu sita za mia za nyuzi. Boti iliyo mita 20 tu kutoka kwenye antena ikisogea mita hizohizo 10, pembe inaruka zaidi ya nyuzi 26. Ndani ya matriksi ya kurudi nyuma, hili linaonekana waziwazi, kwa sababu safu yake ya mlalo inayohusu pembe imegawanywa kwa r.

Tahadhari nyingine inahusu derivativu za sehemu zenyewe. Kuwa nazo zote hakutoshi kudai kwamba derivativu ipo. Fanksheni xy/(x² + y²), ikipewa thamani ya sifuri pale x na y zote zilipo sifuri, ina derivativu mbili za sehemu hapo, na zote ni sifuri. Lakini ukiikaribia nukta hiyo kwa njia ya mshazari, ambako x na y ni sawa, thamani inabaki nusu bila kushuka. Jedwali linasema hakuna badiliko, ilhali fanksheni imeruka. Derivativu za sehemu zikiwa zinabadilika taratibu bila kuruka karibu na nukta husika, kama zilivyo za rada yetu, hofu hiyo haipo.

Kwa wanaofuatilia meli na ndege, matriksi hii hutumika hasa kupima kutokuwa na uhakika. Rada ikiweza kukosea nyuzi 1, kosa hilo ni mita 175 kando kwa meli iliyo kilomita 10, na mita 700 kwa iliyo kilomita 40. Kosa la umbali la mita 20 hubaki mita 20 kokote meli iliko. Kwa hiyo kwa vyombo vya mbali, eneo ambamo chombo kinaweza kuwamo huwa la duaradufu, jembamba kuelekea antena na refu kando. Programu za ufuatiliaji hulikokotoa duaradufu hilo kwa matriksi ya Jacobi, na huikokotoa matriksi upya kwa kila kipimo, kwa kuwa namba nne za meli iliyo kilomita 10 si za iliyo kilomita 40.